Kadi ya 608: kwa nini fundi wa majokofu Marekani haguswi na mwajiri bila cheti cha gesi

Fundi aliyesomea VETA au aliyefaulu mtihani wa NITA daraja la kwanza akifika Marekani hukutana na tangazo la kazi lenye mstari mmoja usiojadiliwa: awe na cheti cha 608. Uzoefu wa miaka kumi hauzibi pengo hilo. Anayeiona kadi yenyewe kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa kuwa mtihani wake ni wa kuchagua majibu, unaweza kufanywa kwa siku moja, na hakuna anayekuomba ushike geji wala kuunganisha bomba. Basi kadi hiyo inathibitisha nini?

Haithibitishi kwamba unajua kutengeneza friji. Inathibitisha kwamba sheria inakuruhusu kufungua mfumo wenye gesi na kununua gesi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwajiri anayajua yote mawili.

Jina la kadi limetokana na Kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, kilichoongezwa katika marekebisho ya 1990. Kuanzia Julai 1992 ilikuwa marufuku kuachia hewani kwa makusudi gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na Novemba 1995 marufuku hayo yakazifikia gesi mbadala. Kuanzia Novemba 1994, yeyote anayefungua mfumo wenye gesi za ozoni alipaswa awe na cheti kilichotolewa kupitia taasisi iliyoidhinishwa na EPA, shirika la serikali linalosimamia mazingira. Tangu 2018 sharti la cheti linahusu pia gesi kama R-410A na R-134a, ambazo haziharibu ozoni lakini hupasha joto dunia.

Mtihani una sehemu nne, kila moja ina maswali 25, na kufaulu ni asilimia 70, yaani majibu 18. Sehemu ya msingi inamhusu kila mtu: ozoni, sheria, usalama wa mitungi. Zinazobaki zinafuata vifaa. Aina ya I ni vifaa vidogo vilivyofungwa gesi kiwandani, visivyozidi ratili 5, ambazo ni kama kilo 2.3: friji ya nyumbani, AC ya dirishani. Aina ya II ni mifumo ya shinikizo la juu, na Aina ya III ni ile mitambo mikubwa ya kupozea maji inayotumia gesi ya shinikizo la chini. Anayefaulu zote nne hupewa cheti cha jumla, na cheti hicho hakiishi muda.

Wengi hujikwaa kwenye AC ya ukutani ya vipande viwili. Gesi yake inaweza kuwa chini ya kilo 2, kwa hiyo mtu hudhani Aina ya I inamtosha. Lakini mabomba yake huunganishwa pale nyumbani, mfumo haukufungwa kiwandani, hivyo ni Aina ya II. Fundi mwenye Aina ya I pekee anayeifungua AC hiyo amevunja sheria hata kama kazi yake ni safi. AC ya gari nayo ina kifungu chake, 609, na kadi ya 608 haimruhusu mtu kuihudumia.

Ili kuona sheria hii inavyoingia kazini, tuchukue chumba cha kugandishia nyama kinachotumia R-22. Kikijaa kinabeba kilo 60. Mwenye duka analalamika kuwa baridi imepungua. Fundi anapima, anaona gesi ni pungufu, anaongeza kilo 4.5 na baridi inarudi. Mara ya mwisho kuongezwa gesi ilikuwa siku 90 zilizopita. Katika warsha nyingi za kwetu kazi ingeishia hapo, mteja akalipa, na baada ya miezi mitatu akapiga simu tena.

Kwa sheria hii, kitendo cha kuongeza gesi ndicho kinachofungua hesabu. Mfumo una zaidi ya ratili 50, yaani zaidi ya kilo 23, hivyo kila gesi inapoongezwa lazima kiwango cha uvujaji kipigiwe hesabu. Kilo 4.5 kwa 60 ni asilimia 7.5. Hiyo ni ya siku 90 tu. Kwa mwaka unazidisha kwa 365 na kugawanya kwa 90, unapata takriban asilimia 30. Kikomo cha majokofu ya biashara ni asilimia 20 kwa mwaka. AC za kupoza majengo zina asilimia 10, na mitambo ya baridi ya viwandani asilimia 30. Chumba hiki kimevuka kikomo, na tangu siku ile gesi ilipoongezwa mwenye duka ana siku 30 za kuziba uvujaji. Kilo nne na nusu zilizoonekana kama huduma ya kawaida zimegeuka kuwa wajibu wa kisheria, na ankara ya fundi yenye kiasi alichoongeza ndiyo ushahidi wake.

Fundi anarudi, anasaka kwa kifaa cha kunusa gesi na povu la sabuni, anakuta tundu kwenye kiungo cha koili ya ndani. Hawezi kuchomelea bomba lenye gesi, na hawezi kulegeza nati aiache itoke. Kwanza anaitenga sehemu mbovu: anafunga vali ya bomba la majimaji, kompresa inavuta gesi na kuihifadhi kwenye tangi la mfumo. Kinachobaki kwenye koili anakivuta kwa mashine ya kukusanyia hadi geji isome sifuri, sawa na hewa ya nje. Hicho ndicho kiwango cha R-22 kwa mfumo ulio chini ya ratili 200, kama kilo 91. Mfumo mkubwa zaidi huvutwa mpaka chini ya sifuri. Gesi kidogo inayotoka wakati wa kuunganisha na kufungua mipira haihesabiwi kosa, ilimradi fundi amefanya bidii ya kweli kuizuia.

Sifuri inaweza kudanganya. Gesi hujificha ndani ya mafuta na kwenye mabonde ya bomba, ikiwa bado majimaji. Fundi makini huzima mashine, anasubiri dakika chache, kisha anatazama geji. Ikipanda, kazi haijaisha.

Mtungi wa kukusanyia nao una sheria zake. Haujazwi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu majimaji hutanuka joto likipanda, na mtungi uliojaa pomoni hauna nafasi ya kupokea kutanuka huko, unaweza kupasuka. Hivyo unakaa juu ya mizani wakati wote wa kazi. Pia mtungi mmoja ni wa gesi moja. R-22 safi kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi huonyesha shinikizo la karibu psi 137. Mtungi uliotulia kwenye joto hilo ukasoma 170, ndani kuna hewa au gesi nyingine. Mchanganyiko wa gesi mara nyingi hausafishiki tena; hulipiwa ili uteketezwe. Gesi safi iliyokusanywa inaweza kurudishwa kwenye mfumo wa mmiliki yuleyule, ila kabla ya kumuuzia mmiliki mwingine lazima kwanza ipite kwa kiwanda cha kusafishia kilichoidhinishwa. Marekani ilisimamisha utengenezaji na uingizaji wa R-22 mpya mwanzoni mwa 2020, hivyo kilo zilizokusanywa zina bei yake sokoni.

Baada ya kuchomelea, fundi anajaza naitrojeni, anapima kama kiungo kinashika, na matokeo yanaandikwa kabla gesi haijarudishwa. Kisha anavuta vakyumu na kufungua gesi. Mfumo ukirudi kwenye hali yake ya kawaida, ndani ya siku 10 kipimo cha pili kinafanywa, kwa kuwa kuna viungo vinavyoshika mtambo ukiwa baridi na kimya, vikaachia unapotetemeka na kupata shinikizo. Kumbukumbu zote hizi zinatunzwa miaka 3.

Hapo ndipo sababu za mwajiri zinapoonekana, na ya kwanza iko dukani. Muuzaji wa gesi haruhusiwi kuuza bila kuona cheti cha fundi, au uthibitisho kwamba kampuni inayonunua ina angalau fundi mmoja mwenye cheti kinachofaa. Kampuni ikimpoteza fundi huyo wa pekee, akaunti yake ya gesi inasimama. Lakini cheti cha mwenzako hakikupi wewe ruhusa ya kufungua mfumo. Mwanafunzi wa kazi aliyesajiliwa serikalini pekee ndiye anayeweza kufanya hivyo bila cheti, tena akiwa chini ya macho ya fundi mwenye nacho. Kwa hiyo asiye na kadi hawezi kutumwa peke yake na gari. Kampuni inalipa mishahara miwili kwa kazi ya mtu mmoja.

Sababu ya pili ni adhabu. Kikomo cha faini ya kiraia kimepita dola 100,000 kwa siku kwa kila kosa. Mkaguzi akija huomba nakala za vyeti na kumbukumbu za gesi, na nakala hizo lazima ziwe mahali pa kazi. Kampuni iliyomtuma mtu asiye na cheti haina pa kujitetea, hata kama hakuachia gesi hata kidogo.

Hata hivyo mwajiri hamwamini mwenye kadi kwamba ni fundi. Ndiyo maana baada ya kuitazama humpeleka kwenye kompresa iliyokufa na kumwangalia anavyofunga geji. Ulaya waliliziba pengo hilo kwa njia nyingine: cheti chao cha gesi kina mtihani wa vitendo, na kanuni ya 2024 inataka ujuzi uhuishwe angalau kila miaka 7. Vyeti vya VETA na NITA vimeelekea upande wa ufundi, na fundi wetu hufika Marekani akiwa na kile ambacho kadi ya 608 haipimi.

Kwetu nako gesi inabanwa. Chini ya Itifaki ya Montreali, nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi la R-22 kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025 na kuyamaliza 2030, zikibakiwa na kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Marekebisho ya Kigali ya 2016 yameweka ratiba nyingine kwa R-410A na wenzake. Gesi mpya ikiadimika, fundi atakayekuwa na mashine ya kukusanyia, mizani, na daftari linaloonyesha kilo zilizotoka na zilizoingia ataweza kumhesabia mteja hasara ya kuongeza gesi kila miezi mitatu bila kuziba tundu.

Anayejiandaa kwenda Marekani asiishie Aina ya I kwa sababu ni rahisi. Aina ya II ndiyo inayofungua mlango wa AC za nyumba, maduka na vyumba vya baridi, na ndiko kazi nyingi ziliko. Akiongeza Aina ya III anapata cheti cha jumla, na mwajiri hatakuwa na haja ya kuuliza ni mtambo gani haruhusiwi kuufungua.