Makundi Mawili, Si Matatu

Rafiki yako anaendesha gari, nawe umekaa kando yake. Anamgonga mtu anayetembea kwa miguu. Alikuwa akienda maili 35 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 20, na shahidi ni wewe peke yako. Wakili wake anakwambia kwamba ukiapa kuwa mwendo ulikuwa 20, huenda ukamwokoa na balaa kubwa. Je, rafiki huyo ana haki gani ya kutarajia umkinge?

Swali hili ni mojawapo ya maswali manne ambayo Samuel Stouffer na Jackson Toby waliwauliza wanafunzi wa Harvard na Radcliffe huko Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1951. Matatu mengine yana mtego uleule: daktari wa kampuni ya bima anayempima afya rafiki yake, mhakiki wa tamthilia anayepaswa kuandika juu ya mchezo wa rafiki, na mjumbe wa bodi anayejua siri itakayomfilisi rafiki asipoonywa mapema. Kila jibu likaingizwa upande mmoja kati ya pande mbili: kanuni kwanza, au rafiki kwanza. Data ninayoizungumzia hapa ina majibu ya watu 216.

Mwaka 1974 Leo Goodman aliichukua data hiyo kuonyesha jinsi ya kukadiria makundi fiche, yaani makundi ya watu ambayo hakuna aliyeyaona wala kuyauliza, bali yanakisiwa kutokana na namna majibu yanavyofuatana. Tangu hapo imekuwa data ya kufundishia, na programu ya poLCA katika R inakuja nayo kwa jina la `values`. Naipenda kwa sababu ni ndogo. Mtu anaweza kukagua kila hatua kwa kikokotoo cha mkononi, na ndipo anapoona ufundi wa kuripoti kazi hii ulipo: si katika kusema makundi ni mangapi, bali katika kumpa msomaji kila anachohitaji ili aweze kukataa.

Ripoti nzuri huanza na modeli ambayo hakuna anayeiamini, ile ya kundi moja. Modeli hiyo inasema wanafunzi wote ni wa namna moja na majibu yao manne hayahusiani. Waliochagua kanuni kwenye swali la gari walikuwa 171 kati ya 216, kwenye la pili 108, la tatu 111, na la bodi 67 tu. Ukizidisha sehemu hizo nne, kisha ukazidisha kwa 216, unapata kwamba watu 13 au 14 ndio wangetarajiwa kuchagua kanuni mara zote nne. Waliofanya hivyo kwa kweli ni 42. Tofauti hiyo haiwezi kuitwa bahati. Kuna watu ambao jibu lao moja linatabiri mengine, na modeli ya kundi moja haina pa kuwaweka.

Modeli ya makundi mawili inawapa mahali. Kundi la kwanza, asilimia 28 ya watu, huchagua kanuni karibu kila mara: uwezekano ni 0.99 kwenye gari, 0.94 na 0.93 kwenye maswali mawili ya kati, na 0.77 kwenye bodi. Kundi la pili, asilimia 72, lina 0.71, 0.33, 0.35 na 0.13 kwa mpangilio huohuo. Ndani ya kila kundi majibu hayategemeani tena. Uhusiano wote tuliouona unaelezwa na kundi analotoka mtu. Sasa kokotoa upya wale wa kanuni mara nne: unapata 41.8. Waliopo ni 42.

Mtu mwenye pupa angesimama hapo. Fundi anaongeza kundi la tatu, kisha anaweka modeli zote tatu mezani, pamoja na zile alizoziacha:

| Makundi | Parameta | Logi ya uwezekano | G² | Digrii huru | AIC | BIC |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 4 | −543.65 | 81.08 | 11 | 1,095.30 | 1,108.80 |
| 2 | 9 | −504.47 | 2.72 | 6 | 1,026.94 | 1,057.31 |
| 3 | 14 | −503.30 | 0.39 | 1 | 1,034.60 | 1,081.86 |

Safu ya G² inapima umbali kati ya hesabu zilizotarajiwa na zilizopatikana katika mipangilio yote 16 ya majibu. Ikilinganishwa na kai-mraba, 81.08 kwa digrii huru 11 inaitupa nje modeli ya kwanza. Nayo 2.72 kwa digrii 6 inatoa thamani ya p ya takriban 0.84, yaani modeli ya pili haina kasoro ambayo data hii inaweza kuionyesha. Ulinganisho huu unafaa hapa kwa sababu watu 216 wamegawanyika katika mipangilio 16 tu, wastani wa zaidi ya 13 kwa kila mmoja. Utafiti wenye maswali 12 ya ndiyo na hapana una mipangilio 4,096, na mingi itabaki mitupu. Hapo kai-mraba haiaminiki tena, na anayeripoti p yake bila kusema hivyo anampotosha msomaji.

Tazama jinsi G² inavyoshuka tena kwenye kundi la tatu. Haikosi kushuka, maana kila kundi jipya huiongezea modeli uhuru wa kujipinda kufuata data. Kwa hiyo swali ni kama nafuu iliyopatikana inalipia gharama yake, na BIC ndiyo inayoweka bei. Kila parameta inatozwa logi ya idadi ya watu, ambayo kwa 216 ni kama 5.4. Kundi moja zaidi hapa ni parameta tano, gharama ya karibu 26.9. Kutoka kundi moja kwenda mawili, G² ilishuka kwa 78.4, faida ya wazi. Kutoka mawili kwenda matatu ilishuka kwa 2.3 tu. Hata AIC, inayotoza 2 kwa kila parameta, inakataa. Vipimo hivi viwili mara nyingi havikubaliani, AIC ikivutiwa na makundi mengi. Hapa vimekubaliana, na hilo lenyewe ni habari ya kuandikwa.

Kuna kosa la kawaida mahali hapa. Mtu huona G² mbili, akatoa moja kwa nyingine, kisha akakimbilia kai-mraba ya digrii tano ili kuamua kati ya makundi mawili na matatu. Haifai. Modeli ndogo hupatikana kwa kulifanya kundi moja liwe na ukubwa wa sifuri, na huko ukingoni nadharia ya kai-mraba haisimami. Njia safi ni butstrapu: unaunda data za kubuni kutoka modeli ya makundi mawili, unazikadiria kwa mawili na kwa matatu, kisha unaangalia ni mara ngapi nafuu ya bahati tu inafikia ile uliyoipata. Katika majaribio ya Nylund, Asparouhov na Muthén ya mwaka 2007, butstrapu na BIC ndizo zilizofanya vizuri zaidi.

Lakini sababu ninayoiheshimu kuliko zote haimo kwenye jedwali. Maswali manne ya pande mbili yanatoa taarifa 15 huru, na makundi matatu yanahitaji parameta 14. Kwa kuhesabu tu, inabaki digrii moja na kila kitu kinaonekana halali. Hata hivyo Goodman alionyesha kwamba modeli hiyo haitambuliki: kuna majibu mengi tofauti yanayoafiki data sawasawa. Kompyuta haitapiga kelele. Itachapa namba zake kwa nafasi nne za desimali kama kawaida. Anayetaka kujua lazima aanzishe ukadiriaji mara nyingi kutoka sehemu za nasibu:

```r
library(poLCA)
data(values)
f <- cbind(A, B, C, D) ~ 1
m2 <- poLCA(f, values, nclass = 2, nrep = 50)
m3 <- poLCA(f, values, nclass = 3, nrep = 50,
            maxiter = 8000)
m3$attempts
```

Kwa makundi mawili, ukirudia na mbegu tofauti utafikia −504.47 na uwezekano uleule, isipokuwa majina ya makundi huenda yakabadilishana. Kwa matatu unaweza kufikia −503.30 mara mbili na kukuta makundi ya ukubwa tofauti kila mara. Hiyo ndiyo dalili. Nyingine ni mwendo wa pole unaolazimu kupandisha `maxiter` juu ya 1,000 ya kawaida. Ndiyo maana sentensi ndogo inayosema ukadiriaji ulianzishwa mara ngapi, na ni mara ngapi kilele kilekile kilirudi, ina uzito kuliko aya nzima ya kusifu modeli.

Baada ya idadi kuamuliwa, bado kuna jina na mgawo. Kundi kubwa limezoeleka kuitwa la watu wa rafiki kwanza. Lakini rudi kwenye swali la gari: asilimia 71 ya kundi hilo hawatadanganya chini ya kiapo. Mimi ningeliita kundi linalopima mazingira, na ningeweka namba zote nne za uwezekano kando ya jina ili msomaji anisahihishe akitaka.

Mgawo ni mgumu zaidi. Mtu aliyechagua kanuni mara tatu lakini akamwonya rafiki kwenye swali la bodi ana uwezekano wa 0.52 wa kuwa kundi la kanuni na 0.48 wa kuwa lile lingine. Watu wa namna hiyo ni 23. Wengine sita, waliochagua rafiki kwenye swali la tatu peke yake, wako karibu nusu kwa nusu kabisa. Programu ikiwaweka wote 29 upande wenye uwezekano mkubwa, kundi la kanuni linavimba kutoka asilimia 28 iliyokadiriwa hadi 33. Anayechukua mgawo huo na kuutumia kana kwamba ni hakika, tuseme kulinganisha makundi kwa jinsia, anabeba watu 29 aliowapanga kwa kubahatisha. Ripoti nzuri inatoa namba zote mbili, 28 na 33, na kusema tofauti imetoka wapi.

Hakuna katika haya kinachothibitisha kwamba kuna aina mbili za wanafunzi. Mwelekeo mmoja unaopanda taratibu, bila mipaka, nao unaweza kuzaa majibu yanayofanana sana na haya. Kinachoweza kuandikwa ni kwamba kwa maswali haya manne makundi mawili yanatosha, na la tatu haliwezi kuulizwa. Anayelishuku kweli anahitaji swali la tano: hapo taarifa huru zinakuwa 31, parameta za makundi matatu 17, na modeli kwa kawaida inatambulika.