Kiwanja Kisichofunga kwa Sifuri

Mpima ardhi anayezunguka kiwanja Fukayosi, bikoni kwa bikoni, humaliza pale alipoanzia. Akijumlisha masafa ya kwenda mashariki na kutoa yale ya kurudi magharibi, hubaki na sifuri. Ukitaka kujua kama aliyeandika programu ya kukagua vipimo hivyo ni fundi, tazama mstari anaoulizia sifuri hiyo. Tuseme ni mita 1.1 mashariki, 2.2 tena, kisha 3.3 kurudi:

```python
kosa = 1.1 + 2.2 - 3.3
kosa == 0            # False
abs(kosa) <= 0.001   # True
```

Wengi huilaumu kompyuta kwamba haijui kujumlisha. Wanaionea. Namba ya aina ya `double` ina nafasi ya tarakimu 53 tu za 0 na 1, na 1.1 ikiandikwa kwa tarakimu hizo haina mwisho, kama theluthi moja isivyo na mwisho katika desimali. Basi huhifadhiwa namba iliyo jirani zaidi. Hapa 1.1 na 2.2 zimezidi kidogo, 3.3 imepungua kidogo. Kujumlisha na kutoa kulikofuata ni sahihi kabisa, bila chembe ya kosa; zile 4.44e-16 zilizobaki ziliingia tangu namba ziliposomwa. Kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo William Kahan alikuwa kinara wa usanifu wake, ndiyo inayodai unadhifu huo, nao bado hunistaajabisha.

Ufundi wenyewe uko katika ile 0.001. Wengine huweka 1e-9 kila mahali, wakiona ndogo inatosha. Lakini katika koodineti za UTM ukanda wa 37 kusini, ikweta hupewa 10,000,000 na namba hupungua ukielekea kusini, kwa hiyo Fukayosi iko kwenye kama mita milioni 9.3. Huko juu, `double` mbili zinazofuatana zimeachana kwa karibu 1.86e-9. Kiwango cha 1e-9 ni kidogo kuliko pengo hilo, hivyo ni `==` iliyovaa kanzu. (Ukihifadhi kwa `float` ya biti 32, pengo ni mita nzima: bikoni itahamia kwa jirani.)

Kipimo cha uwiano nacho kina shimo lake. `math.isclose(kosa, 0)` hujibu `False`, kwa sababu kwa kawaida hupima tofauti kwa kulinganisha na ukubwa wa namba zenyewe, na karibu na sifuri ukubwa huo hauna msaada. Lazima uipe `abs_tol`.

Fundi huanzia shambani. GPS nzuri ya upimaji hukosea sentimita moja au mbili, ilhali makosa ya kuhifadhi namba hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Milimita 1 imekaa katikati, mbali na yote mawili: inasamehe kompyuta, haimsamehi aliyeandika 3.3 badala ya 3.2.