Jalada Lililomfufua Marehemu

Mmeisoma ile riwaya ya lori la Kitonga, au walau mmesoma jalada lake la nyuma, na balaa lenyewe liko huko. Jina silitaji, maana mwandishi hana kosa. Niliinunua stendi ya Mbeya nikipanda basi la Iringa. Hata Uyole hatujaipita, nikawa najua kwamba kaka wa mhusika mkuu yu hai, ana duka Tunduma na jina jipya. Siri hiyo mwandishi kaitunza mpaka ukurasa wa 171.

Karani wa kiwanda cha mbao Mafinga anapewa fomu. Akitia saini kwamba kaka yake, dereva, amekufa bondeni, fidia italipwa na nyumba ya mama itanusurika mnada. Asipotia, nyumba inakwenda. Maiti haijaonekana. Taharuki yote imekaa kwenye kutojua huko, kwa sababu saini ileile yaweza kuwa kweli, yaweza kuwa uongo. Mwambie msomaji kwamba kaka anauza vitenge Tunduma, na fomu inageuka karatasi tu. Najua kuna riwaya zinazomtangulizia msomaji siri, lakini uamuzi huo ni wa mwandishi, humo ndani. Si wa mwandika jalada.

Sentensi mbili za mwanzo za jalada hilo ni safi, na picha ni nzuri. Ya tatu ndiyo iliyovunja nyumba. Mimi ningeandika hivi na kuweka kalamu chini:

“Lori limepatikana bondeni Kitonga, halina mbao wala dereva. Mafinga, dada yake ana fomu mkononi na siku kumi za kuamua: amzike kaka kwa saini, au aiache nyumba ya mama ipigwe mnada.”

Hayo yote yamo katika robo ya kwanza ya kitabu. Hatari imeonekana, mlango haujafunguliwa.

Wazee hawakuhitaji hata jalada la nyuma. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla aliiita riwaya yake Simu ya Kifo. Kwa maneno matatu chombo umekijua, hatari umeijua, muuaji humjui. Siku hizi tunajaziwa aya nzima ya “kusisimua”, kisha linakuja lile “Je, atafanikiwa?” ambalo nimelipigia kelele hapa mpaka koo limekauka.

Wala sisemi kila mwisho ufichwe. Ukiandika riwaya ya Mkwawa, kifo chake cha 1898 mtoto wa Kalenga anakijua. Kukitaja jaladani hakuharibu kitu. Cha kufichwa ni kile alichokibuni mwandishi.

Wahariri, kabla ya kupeleka kazi mtamboni, msomeeni jalada mtu asiyekijua kitabu. Mwulizeni mhusika ataumia wapi, kisha mwulizeni mambo yanaishaje. La kwanza asipolijibu, andikeni upya. La pili akilijibu, futeni.