Chungu au gunia: tangazo lipi la mchele wa Kyela liongezewe fedha

Matoleo mawili ya tangazo moja la video yanalinganishika pale tu yanapotofautiana katika sekunde za ufunguzi, na mengine yote yakabaki vilevile. Mchele wa Kyela unaouzwa kwa wateja wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka mashamba ya Ipinda na ukanda wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, unafaa kuonyesha kazi hiyo, kwa sababu una sifa mbili zinazovuta watu tofauti. Unanukia, na jina lake huazimwa na wauzaji wanaochanganya mchele wa kwingine.

Toleo la kwanza, la chungu, linafungua kwa kifuniko kinachoinuliwa, mvuke unapanda, na sauti inasema: "Jirani atajua umepika nini kabla hujapakua." Toleo la pili, la gunia, linaonyesha mkono ukikata uzi wa gunia: "Si kila gunia lililoandikwa Kyela limetoka Kyela." Baada ya sekunde nne matoleo yote mawili yanaingia kwenye picha zilezile za majaruba, mashine ya kukoboa, bei ya gunia la kilo 25 na kitufe cha kutuma ujumbe WhatsApp.

Ujumbe unaoandikwa tayari kwenye kitufe hicho lazima utofautiane. Ukisomeka "Naulizia mchele wa chungu" kwa toleo moja na "Naulizia mchele wa gunia" kwa jingine, kila oda inajulikana ilikotoka, hata mteja akilipa siku tano baadaye kwa simu. Matoleo yaendeshwe kwa wakati mmoja, kwa watu waliogawanywa na jaribio lenyewe la Facebook. Yakiachwa pamoja ndani ya kundi moja la matangazo, mfumo huegemea mapema lile lililoanza vizuri, na la pili linakosa watazamaji wa kutosha kupimwa. Wiki mbili kamili zinazogusa mwisho wa mwezi zinafaa zaidi kuliko siku nne, kwani mnunuzi wa gunia zima mara nyingi husubiri mshahara.

Chukulia kwa mfano kwamba kila toleo limetumia sh 150,000 na kuonyeshwa mara 60,000. La chungu limetazamwa kupita sekunde tatu mara 18,000, sawa na asilimia 30, likaleta meseji 240 na oda 24. La gunia limeishia asilimia 21, meseji 180 na oda 45. Anayetazama sekunde tatu peke yake atakipa chungu ushindi. Anayetazama meseji atafanya hivyohivyo, maana kila moja imegharimu sh 625 dhidi ya sh 833. Oda zinageuza hesabu: sh 6,250 kwa chungu, sh 3,333 kwa gunia. Ikiwa gunia moja linabakiza sh 8,000 kabla ya gharama ya tangazo, chungu kinaacha sh 1,750 na gunia sh 4,667.

Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni bahati? Pale matoleo yanapoonyeshwa idadi sawa, kuna kipimo chepesi: oda zote zijumlishwe, itafutwe kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha kizidishwe kwa mbili. Jumla ni 69, kipeuo chake ni kama 8.3, maradufu 16.6. Tofauti ya oda 21 imevuka kiwango hicho, hivyo inaaminika. Kama zingekuwa oda 27 kwa 24, pengo la oda tatu lisingetosha kuhamisha hata shilingi.

Sababu huonekana kwenye meseji zenyewe, na hakuna jedwali linaloweza kuchukua nafasi ya kuzisoma. Walioletwa na chungu huuliza "kilo bei gani?" na wengi hunyamaza wakijibiwa. Walioletwa na gunia huuliza "nitajuaje ni wa Kyela kweli?" Hao wamekwisha kuuziwa mchanganyiko, na wako tayari kulipia uhakika. Muuzaji asiye na jibu la swali hilo, kama picha ya shehena ikipakiwa au ruhusa ya kuonja kabla ya kulipa, atapoteza faida yote ya ufunguzi huo.

Gunia basi ndilo linalostahili sehemu kubwa ya bajeti, lakini kwa hatua, mfano theluthi moja kila baada ya siku chache. Waliowahi kudanganywa si wengi kama wapenda wali, na tangazo likianza kurudi kwa watu walewale, gharama ya oda hupanda. Kinachopimwa kila hatua ni gharama ya oda zilizoongezeka peke yake: nyongeza ya sh 50,000 ikileta oda sita, kila moja imegharimu zaidi ya sh 8,000, na hasara imeanza hata kama wastani wa jumla bado unapendeza.

Jaribio hili halisemi kama kilichouza ni picha au maneno, kwa kuwa vyote viwili vilibadilika. Toleo la tatu, lenye mvuke wa chungu na sentensi ya gunia, ndilo la kupimwa baadaye, kwa fedha zilizoondolewa kwenye chungu.