Kuihariri Barua ya Rufaa ya Alama

Barua ya rufaa ya alama ni ombi la maandishi ambalo mwanafunzi humpelekea mwenyekiti wa idara akitaka matokeo ya somo fulani yakaguliwe upya. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya somo huhesabiwa kwa alama 100: 30 za majaribio ya muhula na 70 za mtihani wa mwisho. Anayepata chini ya 40 ameanguka, na huandikiwa E. Kabla ya kufika kwenye tovuti ya wanafunzi, alama husahihishwa, hujumlishwa, hunakiliwa kwenye orodha, kisha huingizwa kwenye kompyuta. Kosa laweza kutokea katika hatua yoyote, na barua iliyohaririwa vizuri huionyesha hatua yenyewe.

Mfano ni mwanafunzi anayesoma mjini Machakos, ambaye likizo humkuta kwao Masii. Anafungua matokeo kwa simu na kukuta somo la takwimu limeandikwa 37. Jaribio la kwanza amepata 12 kati ya 15, la pili 0, na mtihani 25 kati ya 70. Jaribio la pili alilifanya, na karatasi yake iliyosahihishwa, yenye 13 kwa wino mwekundu, angali nayo.

Rasimu ya kwanza huandikwa usiku uleule: “Mhadhiri huyu amenichukia tangu muhula uanze, na darasa zima linajua. Wazazi wangu wameuza ng’ombe wanilipie karo. Nataka haki yangu.” Huenda yote hayo ni kweli, na anayeihariri barua hiyo huona uchungu kulifuta neno la ng’ombe. Lakini mwenyekiti hana faili la kupimia chuki, na karo haibadilishi kilichomo kwenye karatasi ya majibu. Baya zaidi, barua hiyo itapelekwa kwa mhadhiri aijibu. Atajibu tuhuma ya chuki, kwa kurasa mbili pengine, na ile sifuri itabaki pale pale bila kuguswa na mtu.

Barua ikishahaririwa husomeka hivi: “KUH: OMBI LA KUKAGULIWA KWA ALAMA ZA JARIBIO LA PILI, SOMO LA TAKWIMU. Tovuti ya wanafunzi inaonyesha alama 0 katika jaribio la pili. Jaribio hilo nililifanya, na nilirudishiwa karatasi yenye alama 13 kati ya 15. Nakala yake nimeiambatisha. Naomba idara iilinganishe na orodha ya alama, na ikithibitika, jumla irekebishwe kutoka 37 hadi 50.”

Kazi ya uhariri imo katika maneno machache. “Tovuti inaonyesha” halimtaji mhadhiri, na si kwa kumwogopa: mwanafunzi hajui ni nani aliyeiacha nafasi tupu, mhadhiri au karani, na barua haidai asilolijua. “Ikithibitika” huiachia idara uamuzi ulio wake. Heshima ya barua imo humo, wala haiongezwi kwa kurundika “mheshimiwa” juu ya “mheshimiwa”. Na ombi ni moja, lenye hesabu ambayo mwenyekiti aweza kuikagua kwa dakika tano: 12 na 13 na 25 ni 50, yaani kutoka E hadi C.

Kinachoambatishwa ni nakala ya karatasi, pande zote mbili, na picha ya ukurasa wa matokeo yenye tarehe. Karatasi halisi haitoki mikononi mwa mwanafunzi ila kuonyeshwa, kwani ikipotea ofisini ushahidi umekwisha. Nakala ya pili ya barua hugongwa muhuri wa kupokelewa, na hiyo ndiyo ya kurudi nayo nyumbani.

Mambo huwa magumu zaidi pale alama zote zipo na mwanafunzi anaona tu kwamba insha yake ilistahili zaidi. Hapo hana kosa la kuonyesha kwa kidole. Anachoweza kuomba kwanza ni kuangaliwa kama kila ukurasa umesahihishwa na jumla ni sawa. Kusahihishwa upya na mtahini mwingine hutegemea kanuni, ada na muda uliowekwa na chuo chake. Mahakama za Kenya nazo kwa kawaida huchunguza kama utaratibu ulifuatwa, hazikai kusahihisha mitihani.

Sheria ipo upande wa anayeomba. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 humpa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa isiyo ya kweli inayomhusu, na ya 47 humpa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Katika barua ya kwanza ibara hizi husomeka kama vitisho, na ni afadhali zisiwemo. Mahali pake ni barua ya pili, ikiwa ya kwanza haikujibiwa: huenda kwa mkuu wa kitivo, nakala kwa mwenyekiti, ikitaja tarehe iliyo kwenye muhuri na kuomba sababu za maandishi.