Daivajensi Fiche na Daivajensi ya Kawaida: Ipi Ifuatwe Mwenendo Unapoendelea

Daivajensi ni hali ya bei na kiashiria cha kasi kutokubaliana. Bei huweka kilele au bonde jipya, na kiashiria kinapokaguliwa mahali hapohapo huonekana kimekwenda upande mwingine. Kutokubaliana huko kuna sura mbili, na kila moja hutoa habari tofauti. Mfanyabiashara anayezichanganya huuza pale ambapo mwenendo ungali na nguvu, au hununua pale ambapo umeshachoka.

Daivajensi ya kawaida hutokea bei inapofika mbali zaidi kuliko mwanzo huku kiashiria kikishindwa kuifuata. Katika soko linalopanda, bei huweka kilele cha juu zaidi na kiashiria huweka kilele cha chini zaidi. Katika soko linaloshuka, bei huweka bonde la chini zaidi na kiashiria huweka bonde la juu zaidi. Hii ni ishara kwamba kasi inapungua.

Daivajensi fiche ni kinyume chake. Soko linapopanda na kurudi nyuma kidogo, bei huishia kwenye bonde lililo juu ya bonde lililotangulia, lakini kiashiria hushuka chini ya bonde lake la awali. Soko linaposhuka, bei hurudi juu na kuishia kwenye kilele kilicho chini ya kile cha mwanzo, huku kiashiria kikipanda kupita kilele chake cha awali. Kwa hiyo ya kawaida ya kuuza hutafutwa kwenye vilele na fiche ya kununua hutafutwa kwenye mabonde, ingawa zote mbili zinaweza kuonekana ndani ya mwenendo uleule wa kupanda.

Sababu ya tofauti hii imo katika hesabu ya kiashiria chenyewe. RSI, iliyoletwa na J. Welles Wilder mwaka 1978, hulinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka kwa bei za kufunga, kwa kawaida katika vipindi 14. Kama U ni wastani wa kupanda na D ni wastani wa kushuka, hesabu yake ni hii:

```
RSI = 100 × U / (U + D)
```

RSI ikiwa 50, kupanda na kushuka ni sawa. Ikiwa 60, wastani wa kupanda ni mara 1.5 ya wastani wa kushuka. Ikiwa 75, ni mara 3. Hivyo RSI inapotoka 75 kwenye kilele cha kwanza na kuwa 62 kwenye kilele cha pili, wanunuzi bado wana nguvu kuliko wauzaji. Kilichobadilika ni ukubwa wa tofauti kati yao. Mwenendo ulioanza kwa mruko mkubwa na baadaye ukatulia katika mwendo wa wastani utaonyesha daivajensi ya kawaida hata kama haukaribii kugeuka. Kupungua kwa kasi na kugeuka kwa bei ni mambo mawili, na RSI hupima la kwanza tu.

Bitkoini inaonyesha uzito na mipaka ya ishara hiyo. Aprili 2021 bei yake ilifika karibu dola 64,800, na Novemba mwaka huohuo ikafika karibu dola 69,000. Kwenye chati ya wiki, RSI ya Novemba ilikuwa chini sana ya ile ya Aprili. Hiyo ilikuwa daivajensi ya kawaida iliyo wazi, na mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa chini ya dola 16,000. Hata hivyo, kilele cha Aprili nacho kilikuwa na RSI ya chini kuliko ile ya Januari 2021, ilhali kati ya Januari na Aprili bei ilipanda kwa zaidi ya dola 20,000. Aliyeuza mara tu RSI ya wiki ilipoanza kulegea baada ya Januari alilazimika kuvumilia mpando huo wote. Daivajensi ya kawaida humwambia aliyekwisha kununua kwamba umefika wakati wa kupunguza mzigo au kusogeza juu amri yake ya kukata hasara. Haimpi saa ya kuingia, na kwa anayetaka kwenda pamoja na mwenendo haimwelekezi kununua popote.

Daivajensi fiche huzaliwa kwa njia nyingine. Mpando mkubwa huinua bei hadi mbali. Kisha marekebisho yanapokuja, kushuka kwa siku chache hula sehemu kubwa ya wastani ule wa vipindi 14, na RSI huporomoka. Bei yenyewe hubaki juu kwa sababu ardhi iliyochukuliwa na mpando ni kubwa kuliko iliyorudishwa. Kwa maneno mengine, wauzaji wametumia nguvu kubwa zaidi kuliko mara ya kwanza na wamepata kidogo zaidi. Andrew Cardwell, aliyeifundisha RSI kwa miaka mingi, aliuweka mpangilio huu katikati ya mafundisho yake. Alieleza pia kwamba katika soko la kupanda RSI huelekea kukaa kati ya 40 na 80, na katika soko la kushuka kati ya 20 na 60. Mipaka hiyo ni muhimu kwa sababu husaidia kutenganisha bonde la marekebisho na bonde la mwenendo uliovunjika.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya hesabu, kwenye chati ya saa 4 ya yuro dhidi ya dola katika mwenendo wa kupanda. Bonde la kwanza linafunga 1.0820. Hapo wastani wa kupanda ni pipsi 6.6 na wa kushuka ni pipsi 6.2, hivyo RSI ni 52. Bei inapanda kwa mishumaa 10 hadi kufunga 1.0950, na RSI inafika karibu 73. Kisha inarudi nyuma kwa mishumaa 9 hadi kufunga 1.0865. Wastani wa kupanda sasa ni pipsi 6.5 na wa kushuka ni pipsi 7.5, hivyo RSI ni 46. Bonde la pili liko juu ya la kwanza kwa pipsi 45, lakini RSI imeshuka kutoka 52 hadi 46. Daivajensi fiche imekamilika, na RSI ingali juu ya 40.

Hapo bado si mahali pa kununua. Mshumaa uliofunga 1.0865 hautambuliki kuwa bonde mpaka mishumaa ya baada yake ifunge juu zaidi, na ukinunua mapema unakisia tu. Kinachosubiriwa ni bei kufunga juu ya kilele kidogo cha mwisho ndani ya marekebisho, ambacho katika mfano huu kiko 1.0890. Mshumaa unafunga 1.0892 na ununuzi unafanyika hapo. Amri ya kukata hasara inawekwa 1.0858, chini kidogo ya ncha ya bonde la pili, kwa sababu bei ikipita hapo hoja ya wauzaji kushindwa inakuwa imeanza kupoteza msingi. Hatari ni pipsi 34.

Lengo la kwanza ni kilele cha 1.0950, pipsi 58 kutoka mahali pa kuingia. Lengo la mbali hupatikana kwa njia ya Cardwell: urefu wa mpando kutoka bonde la kwanza hadi kilele huongezwa kwenye bonde la pili. Mpando ulikuwa pipsi 130, hivyo lengo ni 1.0995. Hizo ni pipsi 103, kama mara tatu ya hatari. Daivajensi ya kawaida hutoa uwiano wa namna hii kwa shida, kwa kuwa anayeuza juu ya kilele kipya hana kilele kingine karibu cha kuwekea mpaka wa hasara, na mwenendo mzima uko dhidi yake.

Daivajensi fiche nayo ina makosa yake. La kwanza ni kuitafuta mahali pasipo na mwenendo. Katika soko linalokwenda kando, mabonde hupishana kidogo na RSI hupanda na kushuka bila maana, kwa hiyo ishara huonekana kila baada ya muda mfupi. Kabla ya kulinganisha chochote, chati ionyeshe mfululizo wa vilele na mabonde yanayopanda, na ikiwezekana chati ya muda mrefu zaidi ikubaliane nayo.

Kosa la pili ni kuchagua nukta zisizolingana. RSI huhesabiwa kwa bei za kufunga, lakini wengi huchora mstari kwenye ncha za vivuli vya mishumaa. Kivuli kirefu cha habari ya ghafla kinaweza kuunda bonde la chini ambalo RSI haikuliona kabisa, na daivajensi ikaonekana au ikapotea kwa sababu hiyo tu. Bei za kufunga zilinganishwe na RSI ya mshumaa uleule.

Kosa la tatu ndilo la gharama kubwa. Mwenendo unapokaribia mwisho, marekebisho ya mwisho huweza kuwa na sura kamili ya daivajensi fiche: bonde la juu, RSI ya chini. Dalili ya kutofautisha ni kina cha RSI. Ikishuka chini ya 40 na kukaa huko, haipo tena katika eneo la soko la kupanda, na bonde lililo juu kidogo la bei halitoshi kuitetea. Dalili nyingine ni kilele kilichotangulia marekebisho hayo. Kama kilikuwa na daivajensi ya kawaida kwenye chati ya muda mrefu, daivajensi fiche inayofuata iachwe au iingiwe kwa mzigo mdogo.

Kiashiria kinachotumika nacho hubadilisha idadi ya ishara. Stokastiki hufika haraka kwenye ncha zake, hivyo hutoa daivajensi fiche nyingi, nyingine katika marekebisho ya mishumaa mitatu tu. MACD kwa mpangilio wa 12, 26 na 9 huchelewa na hutoa chache zaidi. RSI ya 14 hukaa katikati, na ndiyo maana mipaka ya 40 na 60 imekuwa rahisi kuitumia.

Aina hizi mbili zinaweza kufanya kazi pamoja zikitengewa chati tofauti. Daivajensi fiche kwenye chati ya saa 4 inaonyesha kwamba mwenendo mkubwa una nafasi ya kuendelea. Ndani ya marekebisho hayohayo, chati ya dakika 15 huonyesha mshuko mdogo wenye vilele na mabonde yake. Mshuko huo ukiweka bonde jipya la chini huku RSI ya dakika 15 ikiweka bonde la juu, hiyo ni daivajensi ya kawaida, na hapa inageuza kitu kidogo kuelekea upande wa kikubwa. Katika mfano wa yuro, hilo lingeweza kuleta mahali pa kununua karibu zaidi na 1.0865 kuliko 1.0892, kwa hatari ya pipsi chache zaidi.

Kwa kuingia pamoja na mwenendo unaoendelea, basi, daivajensi fiche ndiyo ishara inayofaa, mradi mwenendo upo, RSI haijavunja 40 katika soko la kupanda wala 60 katika soko la kushuka, na bei imethibitisha kwa kufunga. Daivajensi ya kawaida kwenye chati hiyohiyo ni onyo kwa aliye ndani, na inapotumika kuingia huku mwenendo ukiendelea, nafasi yake ni kwenye chati ndogo, ndani ya marekebisho.