Kifurushi Kutoka Dubai Hadi Dar es Salaam

Wakusanyaji wa mizigo wa Deira, mjini Dubai, yaani wale wanaopokea vifurushi vya watu wengi na kuvisafirisha kwa pamoja, wanastahili pongezi hasa pale wanapomweleza mteja hesabu yote kabla hajalipa. Boksi la mablanketi lenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40 laweza kuonyesha kilo 12 tu kwenye mizani, lakini kwa ndege hutozwa kwa uzito wa ujazo, ambao kwa kawaida hupatikana kwa kuzidisha vipimo hivyo na kugawanya kwa 6,000, na hapo mteja hudaiwa kilo 20. Karani mwema huyashindilia mablanketi upya mbele ya mwenyewe, akalikata boksi hadi kimo cha sentimita 24, na hesabu ikarudi kilo 12. Kwa meli nauli ni nafuu zaidi, ila kontena husubiri lijae kwanza, kwa hiyo majuma ya safari huhesabiwa tangu meli inapong'oa nanga Jebel Ali, wala si tangu boksi lilipopokewa dukani.